Mkate Mweusi wa Karani

Wapo watu wanaochagua mkate kwa kuubonyeza, wapo wanaounusa, na wapo wanaookota tu ule ulio karibu na mkono wakaondoka zao. Fundi alikuwa anachagua mkate kwa rangi. Na si kuchagua kwa kubabaisha, la. Alikuwa anautoa kwenye shelfu, anausogeza mpaka mlangoni kwenye mwanga wa jua, anaugeuza upande huu na ule, halafu anarudi kuchukua wa pili aulinganishe na wa kwanza. Wauzaji wa duka lile walishamzoea. Walikuwa wanamwambia, mzee, mkate unaoa au unakula?

Msimcheke bure. Mtu huyu alipaka magari rangi kwa miaka thelathini na minne. Ukimpelekea mlango uliokwaruzwa, alikuwa anachanganya rangi kwenye kopo, tone moja jeusi, tone moja jekundu, anakoroga, na akishapaka huwezi kuonyesha kidole palipokwaruzwa. Macho yake ndiyo yaliyosomesha watoto. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki ya kisukari alipomwambia mke wake aachane na mkate mweupe, ale mkate mweusi, Fundi alijiona amepewa kazi ya fani yake kabisa.

Mke wake alikuwa karani wa masjala, na mpaka leo anaitwa Karani, hata na mumewe. Huyo naye alikuwa na ugonjwa wake wa zamani kabla ya kisukari, ugonjwa wa kusoma. Alikuwa anasoma kila kitu. Boksi la dawa ya meno, karatasi iliyofungiwa karanga, maelezo ya nyuma ya kiberiti. Sokoni alikuwa anawatia watu foleni kwa sababu hanunui kopo la maziwa mpaka amelisoma lote, na Fundi alikuwa anamngoja nje huku ananung'unika kwamba ameoa mwanamke anayesoma maziwa badala ya kuyanywa. Laiti macho yale yangebaki, hadithi hii isingekuwepo. Lakini ukungu uliingia. Kwanza zilipotea herufi ndogo, baadaye za kati, na ilipofika siku ile ya muuguzi, Karani alikuwa anaona vichwa vya habari tu. Daktari wa macho alisema kuna mtoto wa jicho, anaweza kuutoa, ila sukari ishuke kwanza. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu kilikuwa kimesoma nane nukta sita. Daktari huyo alikuwa anataka kisome chini ya nane, ndipo afanye upasuaji.

Chini ya nane, basi. Nyumba nzima iliishi kwa maneno hayo. Karani aliacha sukari kwenye chai siku hiyohiyo, na soda hakuigusa tena. Alikuwa anakunja uso kila anapomeza ile chai, lakini anaimeza. Alikuwa na hamu moja tu, asome tena. Alimwambia Fundi kwamba akishafunguliwa macho ataanza na magazeti yote aliyoyakosa, hata kama yameshafungiwa vitumbua.

Fundi naye akashika kazi ya dukani. Siku ya kwanza alikuta mikate ya aina nne isiyo myeupe. Mmoja ulikuwa umepauka, rangi ya kikombe cha chai iliyotiwa maziwa mengi, akaushika kidogo na kuurudisha. Huu hata haujajitahidi, alisema moyoni. Mwingine ulikuwa mweusi wa kupendeza, kahawia iliyokolea, na pakiti yake imechorwa suke la ngano na maandishi makubwa, "Mkate wa Brauni, Ladha ya Shambani." Huo ndio alioondoka nao. Pembeni akachukua na boksi la sereali ya asubuhi, yale mabapa ya ngano ya kumwagia maziwa, kwa sababu mbele yake paliandikwa "Nyuzinyuzi Nyingi," na muuguzi alikuwa ametaja nyuzinyuzi. Akafika nyumbani kichwa kimemvimba. Karani aliupapasa mkate, akaunusa, akauliza nyuma pameandikwaje. Fundi akamjibu kwamba nyuma pameandikwa vidudu vidogovidogo visivyosomeka na mtu mwenye akili timamu, na kwamba kazi ya rangi amwachie mwenye rangi. Wakacheka wote wawili.

Karani alikula mkate ule asubuhi na jioni, vipande viwili viwili, na bakuli la sereali kila siku ya Mungu. Fundi hakuugusa. Yeye alibaki na mkate wake mweupe kwa sababu hakuwa mgonjwa, na pia alitaka mweusi wote umtoshe mkewe. Karani akawa anasema, Fundi, mkate huu mtamu sana. Si mara moja. Mkate huu mtamu mno, Fundi. Na yeye anachekelea, anajibu kwamba mume wako anajua kuchagua. Ndiyo shida ya lugha yetu hii. Chakula kizuri tunakiita kitamu, na chenye sukari tunakiita kitamu, na mtu akitaka kusikia sifa atasikia sifa.

Miezi mitatu ikaisha, wakaenda kupima. Tisa nukta moja.

Daktari wa kliniki ya kisukari alitazama karatasi, akamtazama Karani, akauliza kwa upole kama kuna vitu vinaingia mdomoni ambavyo havisemwi. Karani akasema hakuna. Akaongezewa vidonge. Miezi mitatu mingine, tisa nukta nne. Hapo daktari hakuuliza tena kwa upole, na Fundi akatoka pale uso umemshuka kwa aibu, kwa sababu yeye alikuwa ameketi pembeni ya mkewe na alimwona daktari anavyotikisa kichwa.

Sasa nitasema jambo ambalo Fundi mwenyewe hapendi lisemwe, lakini lilitokea. Alianza kumvizia mke wake. Karani akienda bafuni, anafungua mkoba wake, anapekua. Alikunguta foronya. Aliinusa kanga yake kama kuna harufu ya keki. Akikuta karatasi ya peremende kwenye droo, hata kama ni ya mwaka juzi ya mjukuu, anaiweka mfukoni kama ushahidi. Jumapili moja binti yao mkubwa alikuja kuwatembelea, na Fundi akamwaga yote mezani mbele ya Karani. Alisema mama yako anakula sukari kwa siri. Alisema sisi tunahangaika, yeye anatudanganya. Akamwita mwizi wa sukari.

Karani alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole kwa sababu hakuwa anaona vizuri ukingo wa meza, akasema hajala kitu. Binti alimshika mkono, akamwambia mama, kama umeshindwa sema tu, sisi ni wanao, tutakusaidia. Yale maneno ya huruma ndiyo yaliyomchoma kupita hata ya Fundi, kwa sababu maana yake ni kwamba binti ameamini. Tangu siku hiyo Karani akawa mpole kupita kiasi. Akiingia jikoni anaita kwanza, naingia kunywa maji, jamani. Mtu na jiko lake.

Miezi ikasonga. Kipimo cha nne tangu mkate ule uingie nyumbani kikasoma tisa nukta tisa, na wiki hiyohiyo Karani aliamka akasema kuna kitu cheusi kinaelea kwenye jicho la kushoto, kama kipande cha uzi. Mchana uzi ukawa pazia. Daktari wa macho alisema mishipa midogo ya nyuma ya jicho imevuja damu, sukari imeichosha kwa muda mrefu. Akawaandikia waende kwa mtaalamu wa lishe siku ya kliniki inayofuata, na anayenunua chakula nyumbani aje na pakiti zote za vitu mama anavyokula.

Fundi alizibeba kwenye mfuko. Karani aliachwa nje kwenye benchi, ametiwa dawa ya kutanua mboni, macho yamefumbwa, anangoja zamu yake ya jicho. Mtaalamu wa lishe alikuwa binti mdogo mwenye mizani ya jikoni juu ya meza, na Fundi aliingia akiwa na hamu ya kumshtaki mkewe kwa mtu mpya. Alitoa mkate na boksi, akasema, hivi ndivyo ninavyomlisha, mweusi kuliko wote dukani, sasa niambie anakula nini kingine.

Yule binti hakutazama mbele ya pakiti hata kidogo. Aliigeuza. Akamwomba Fundi avae miwani na asome yeye mwenyewe mahali palipoandikwa viambato.

"Unga wa ngano," Fundi akasoma. "Maji. Sukari. Hamira. Mafuta ya mboga. Unga wa ngano nzima, asilimia mbili. Chumvi. Rangi ya karameli."

Binti akamweleza taratibu, kama mtu aliyeeleza hivyo mara nyingi na hajachoka. Viambato vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukiona "unga wa ngano" peke yake, huo ni uliokobolewa, mweupe uleule. Mkate wa kweli wa nafaka nzima unaanza na "unga wa ngano nzima" au "ngano isiyokobolewa." Huu unayo, lakini ni asilimia mbili tu, na imetanguliwa na sukari. Akamwonyesha jedwali. Kwa kila gramu mia, nyuzinyuzi mbili nukta mbili, sukari tisa. Yeye hushauri mkate wenye nyuzinyuzi sita au zaidi, na sukari isizidi tano.

Fundi aliuliza, na huu weusi je? Akajibiwa kwamba ni rangi. Imetiwa kidogo tu, yenyewe haina neno, ila inaufanya mkate mweupe uonekane mwingine.

Jamani, fikirini mtu huyo. Miaka thelathini na minne anapaka rangi juu ya bati ili mteja asione kilicho chini. Alitoa kipande cha mkate kwenye pakiti, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba rangi ile ilikuwa sawasawa mno. Hakuna hata punje moja ya pumba, hakuna doa. Gari lililopakwa vizuri ndivyo linavyokuwa.

Boksi nalo halikudanganya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nyuzinyuzi Nyingi" ilikuwa kweli, gramu nane kwa kila mia. Lakini mstari wa sukari, hukohuko nyuma, ulisema ishirini na saba kwa mia. Pembeni paliandikwa gramu nane kwa kipimo cha mlo mmoja, zinazoonekana kidogo, na kipimo chenyewe ni gramu thelathini. Binti akamwomba amimine kiasi anachommiminia mkewe. Fundi akamimina kama kila asubuhi, kwa upendo, mpaka karibu na ukingo. Mizani ikasema sabini na tano.

"Hapo ni gramu ishirini za sukari," binti akasema. "Vijiko vitano vya chai, kabla ya maziwa."

Vijiko vitano. Na Karani alikuwa anakunja uso na chai yake chungu mezani hapohapo. Ndipo Fundi alipousikia tena ule utamu. Mkate huu mtamu mno, Fundi. Alikuwa anamwambia. Miezi yote ile alikuwa anamwambia, na yeye anachekelea.

Alimuuliza binti kama ni yeye aliyempofusha mkewe. Binti akasema hapana, hakuna anayeweza kusema hivyo, ugonjwa huu una mambo mengi, dawa zake, miaka yake, na hata mkate mzuri ukizidisha unapandisha sukari. Alisema tu kwamba chakula hiki kimechangia na kwamba tunaweza kukibadilisha leo. Fundi akamwomba asimwambie mama. Yule binti akasema hilo ni la kwako kulisema, mzee, lakini liseme.

Hakulisema. Alirudi dukani siku hiyohiyo, akasimama mbele ya shelfu na miwani yake, anasoma nyuma ya mkate mmoja baada ya mwingine huku watu wanampita. Na ule mkate wa kweli, ambao neno lake la kwanza ni unga wa ngano nzima, wenye nyuzinyuzi sita nukta nane na sukari mbili nukta tano, ulikuwa ni uleule uliopauka. Aliwahi kuushika. Aliushika kwa mkono wake akaurudisha kwa sababu ya sura. Akauchukua, na badala ya lile boksi akachukua oti za kawaida, nafaka ya kupikia uji, ambazo kiambato chake ni oti basi, sukari gramu moja kwa mia. Nyumbani alimwambia Karani kwamba ule mkate wa zamani hauletwi tena. Karani alitafuna, akasema huu si mtamu. Siku hizo alikuwa halalamiki juu ya chochote.

Wakaanza kupima kipande kimoja kimoja, na oti kwa kikombe, na vidonge kwa saa. Miezi minne baadaye kipimo kikasoma saba nukta sita. Daktari alimpongeza Karani kwa kumshika mkono. Fundi alitazama sakafu.

Wakapelekwa kwa daktari wa macho na karatasi yao ya saba nukta sita kama watu waliofaulu mtihani. Yule mzee wa macho alimulika kwa muda mrefu sana. Alisema mtoto wa jicho atautoa, jicho la kulia litapata mwanga, ataona watu, mlango, njia, na watalitibu lisiharibike zaidi. La kushoto limekwisha. Karani akauliza kuhusu kusoma. Daktari akazima taa yake, akasema utando wa nyuma wa jicho la kulia nao umeumia pale katikati, mahali panapoonea vitu vidogo. Herufi, mama, sidhani.

Karani alisema asante, daktari.

Asubuhi yake walikuwa mezani. Fundi alikuwa amemkatia kipande chake, amemsogezea kikombe mpaka kimeguswa na vidole vyake. Karani hakula. Alikaa ameelekeza uso dirishani palipo na mwanga, halafu akasema:

"Unisamehe, Fundi."

Yeye akauliza kwa nini.

"Nimekuwa nikifikiri. Labda ni kweli nilikuwa nakula. Sikumbuki, lakini nyinyi wote hamwezi kuwa waongo. Labda nilikuwa naamka nakula, halafu nasahau. Mwaka mzima najitafuta sijioni. Tumepoteza jicho kwa sababu yangu."

Fundi akaweka mkate wake chini. Angeweza kusema yameisha, mama watoto, tusiyafufue, na angeonekana mume mwema, na angekwenda kaburini na jambo lake. Wengi wangefanya hivyo. Alilia kwanza, hilo lazima lisemwe, alilia kama mtoto aliyechapwa, na katikati ya kilio ndipo alipomwambia. Alimwambia ule weusi ulikuwa rangi, unga wenyewe ulikuwa mweupe, na sukari ilikuwa ya tatu. Alimwambia bakuli lilikuwa na vijiko vitano. Alimwambia yote yaliandikwa pale nyuma, alipouliza Karani siku ya kwanza, na kwamba yeye Fundi hakusoma. Alimwambia amelijua hilo kwa miezi minne.

Karani hakulia. Aliuliza swali la kikarani, jambo hilo lilianza lini na liliisha lini. Fundi akamwambia, mwaka mmoja na ushee. Akauliza kama wakati anapekuliwa mkoba alikuwa ameshajua. Fundi akaapa kwamba hapana, wakati ule hakujua. Karani akatikisa kichwa kukubali, polepole, kana kwamba anapanga mafaili ndani ya kichwa, hili huku, hili kule.

"Kwa hiyo mimi sikuwa mwizi," akasema.

"Hukuwa."

"Wala sikuwa kichaa."

Fundi alinyoosha mkono juu ya meza kumshika, na Karani akauondoa wake, si kwa hasira, akauweka tu mapajani.

"Mpigie binti yako," akasema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Weka sauti juu, nisikie."

Fundi akajifuta uso kwa kiganja, akaitafuta simu mfukoni. Binti aliitika akiwa na haraka, akauliza mama anaendeleaje. Fundi akasema, mama yako hakuwahi kula sukari kwa siri. Karani alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea simu, na Fundi alipositasita baada ya neno mkate, akamwambia aendelee.